Akishasema "Usijali", Acha Kuomba Radhi

Swali ni lile lile, mwandiko tu ndio hubadilika: "Nimemwangusha rafiki yangu dakika za mwisho. Niombe radhi mara ngapi ili aone kweli nimejuta?"

Mara moja. Nimeshalijibu, na bado litaletwa tena, kwa sababu watu wanaichukulia samahani kama dozi ya malaria: usipoimaliza yote, ugonjwa unarudi.

Tuchukue kisa cha kawaida. Mama mmoja wa Muleba amealikwa chakula cha mchana Jumapili huko Ijuganyondo, Bukoba, kwa rafiki yake ambaye tumwite Mama Koku. Alfajiri mtoto anaamka na homa. Saa tano na nusu mama anapiga simu kusema haji tena. Mama Koku anamjibu, "Mwangalie mtoto kwanza. Usijali, tutapanga siku nyingine." Saa hiyo ndizi zimeshamenywa na sato yuko jikoni.

Jioni Mama Koku anapokea ujumbe: "Nisamehe sana dada, najisikia vibaya mno, sijui utanionaje, naomba usinichukie." Anajibu kwamba hakuna neno. Kesho yake asubuhi unaingia mwingine wa aina hiyo hiyo.

Mama wa Muleba anadhani ananyenyekea. Hebu tazama kazi aliyompa mwenzake. "Sijui utanionaje" ni ombi la kufarijiwa, na Mama Koku hawezi kulinyamazia bila kuonekana amenuna. Kwa hiyo aliyepika chakula kikakosa mgeni ndiye anayembembeleza aliyekosa kuja. Kuna na kero nyingine: alishasema "usijali". Kila samahani inayofuata inamwambia kwamba neno lake halikuaminika.

Mwanasosholojia Erving Goffman alilichambua jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1971. Alionyesha kwamba makosa madogo kati ya watu hurekebishwa kwa zamu: mmoja anaomba radhi, mwenzake anaipokea, wa kwanza anashukuru, wa pili anasema si kitu. Mambo yanaishia hapo. Mama wa Muleba alipokelewa radhi yake kwenye simu ile ile, na zamu iliyobaki ilikuwa ya kushukuru. Kwa kuirudia samahani, anawarudisha wote wawili mwanzo, na mazungumzo hayapati pa kuishia.

Wapo pia waliokimbilia upande wa pili, wanaofundisha kwamba usiombe radhi kamwe, shukuru tu. Nao wamepotoka. Chakula kimepikwa na mgeni hakuja. Asante isiyokiri hasara hiyo inanuka ujanja. Na ukiandika "asante kwa kunielewa" kabla hajasema kwamba amekuelewa, hiyo si shukrani tena. Umemwamuru.

Ujumbe wa jioni ile ungetosha hivi:

"Mama Koku, asante kwa ulivyonielewa leo. Ndizi ulishamenya, na bado ukaniambia nimwangalie mtoto kwanza. Samahani kwa kukuambia saa tano na nusu. Homa imeshuka."

Shukrani imetangulia kwa sababu ndiyo zamu iliyopo, na imetaja alichofanya Mama Koku pamoja na kilichomgharimu. Samahani ni moja, nayo imekaa mahali pake: haihusu ugonjwa wa mtoto, ambao si kosa la mtu, bali kuchelewa kwa taarifa. Mtoto aliamka na homa alfajiri. Simu ilingoja nini hadi saa tano na nusu? Hapo ndipo palipouma. Sentensi ya mwisho inampa habari aliyokuwa akiisubiri, na haimdai jibu la kufariji.

Mengine niyaseme haraka. Tuma siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Ukikaa wiki nzima, itambidi aanze upya kukumbuka. Kama ni mtu mzima kwako, piga simu, usiandike. Ondoa "lakini", ondoa "kama nilikukwaza". Usimrushie hela ya sato kwenye simu, utakuwa umemgeuza mwenyeji kuwa mama ntilie. Usiahidi "nitakuja tu". Taja siku ukiwa na hakika nayo, la sivyo nyamaza. Akijibu "sawa" kavu, usimfuate kwa samahani ya pili. Mpe siku mbili tatu, kisha mpigie kwa salamu za kawaida. Usizue msiba uwe kisingizio, maana kati ya Muleba na Bukoba mjini hakosekani anayekufahamu na atakayeulizwa. Na kama hii ni mara ya tatu kumwangusha mtu yule yule, maneno hayatasaidia. Mwalike yeye kwako, upike wewe.