Kikokotoo cha Bei ya Vipeperushi

Kikokotoo cha bei cha mchapaji hupokea machaguo ya mteja, yaani idadi, ukubwa, aina ya karatasi na pande za kuchapwa, kisha hutoa bei. Hesabu yake haianzi na nakala anazoagiza mteja. Huanza na karatasi kubwa zitakazopita kwenye mashine.

Mathalani, mteja wa Dar es Salaam anataka vipeperushi 1,000 vya A5, pande mbili. Karatasi ya SRA3, yenye milimita 320 kwa 450, hubeba vipeperushi vinne pamoja na ukingo wa kukatwa. Basi zinahitajika karatasi 250, na huongezwa asilimia 5 kwa zile zitakazoharibika. Jibu likiwa na desimali, hupandishwa hadi namba nzima, kwa kuwa nusu karatasi hainunuliwi. Kwenye jedwali la kompyuta, idadi ikiwa katika kisanduku B2 na vipeperushi kwa karatasi katika B3, fomula ni hii:

```
=ROUNDUP(ROUNDUP(B2/B3,0)*1.05,0)
```

Jibu ni 263. Tuseme karatasi moja ni shilingi 300 na kuchapa upande mmoja ni 250: karatasi zitagharimu 78,900 na uchapaji 131,500. Maandalizi ni 15,000 na ukataji 10,000, na gharama yote inafika 235,400.

Hapa ndipo wengi hujipunja. Anayetaka faida iwe asilimia 30 ya bei ya kuuzia huzidisha gharama kwa 1.3 na kupata 306,020, kumbe faida hiyo ni kama asilimia 23 tu ya bei. Hesabu sahihi ni kugawanya gharama kwa 0.7. Inapatikana 336,286, ambayo mchapaji anaweza kuipandisha hadi 336,500. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huja mwisho, na mteja aliye kwenye mfumo wa kodi hiyo hulipa kwa jumla 397,070.

Kabla ya kodi, kila kipeperushi kimefika takriban shilingi 337. Kwa nakala 100, fomula hiyohiyo hutoa 67,000, yaani 670 kwa kimoja, kwa sababu maandalizi na ukataji havipungui kazi ikiwa ndogo. Ndiyo maana bei moja kwa kila nakala haifai. Hata bei za madaraja zina mtego: nakala 100 hadi 499 zikiuzwa 670 kila moja, na kuanzia 500 ziuzwe 400, basi nakala 499 ni 334,330 na nakala 500 ni 200,000. Mteja makini atauliza.

Kosa hilo hugunduliwa kwa kuingiza idadi zinazofuatana, 498, 499, 500, 501, na kutazama jumla. Ikishuka mahali popote, kikokotoo hakijawa tayari kuonyeshwa mteja.