Keki Moja, Mikato Minne: Somo la Sehemu Mbele ya Kamera

Mwanafunzi wa Darasa la Nne akiulizwa ipi ni kubwa kati ya 1/4 na 1/8, mara nyingi hujibu 1/8 bila kusita. Ana sababu yake. Tangu aanze kuhesabu, 8 imekuwa kubwa kuliko 4, na hakuna aliyemwambia kwamba namba hiyo ikishuka chini ya mstari kazi yake hubadilika.

Watu wazima nao hunaswa. Alfred Taubman, aliyewahi kumiliki migahawa ya A&W nchini Marekani, alisimulia kwamba katika miaka ya 1980 waliuza baga yenye theluthi ya ratili ya nyama, wakishindana na baga ya robo ratili ya McDonald's. Wateja hawakuichangamkia. Walipohojiwa, wengi walilalamika: kwa nini walipie bei ileile nyama iliyo pungufu? Machoni mwao 3 ilikuwa ndogo kuliko 4, basi theluthi nayo ilikuwa ndogo kuliko robo.

Mwalimu wa hisabati anayetaka kulivunja kosa hilo kwa video ya dakika nne anahitaji keki moja, rula, kisu chenye meno na simu. Kinachomsumbua ni skripti, kwa sababu keki ina tabia moja ambayo ubao hauna: ikishakatwa, imekatwa. Chaki hufutika, keki haiunganiki. Kwa hiyo mpangilio wa mikato ndio mpangilio wa somo, na lazima ukamilike kwenye karatasi kabla kisu hakijaguswa.

Umbo la keki huamuliwa kwanza. Keki ya duara inapendeza kwenye sherehe lakini humtesa mwalimu. Ikikatwa kwa mistari iliyo sambamba, vipande vya pembeni huwa vidogo kuliko vya katikati. Ikikatwa kuanzia katikati, mkono ukiteleza kidogo tu usawa umepotea. Keki ya mstatili hupimwa kwa rula. Ikiwa na urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 16, hesabu zote za somo hili hutoka bila masalia. Iachwe ipoe kabisa, maana keki ya moto humeguka na makombo huharibu mistari.

Skripti inaanza na kosa, na kosa hilo halifanywi kwenye keki. Mwalimu anachukua karatasi ya manila yenye ukubwa uleule, anaikata vipande viwili, kimoja kikubwa na kingine kidogo, kisha anasema:

"Hivi ni vipande viwili. Dada amechukua hiki, kaka amechukua hiki. Je, kila mmoja amepata nusu?"

Hapo video inanyamaza kwa sekunde tano. Ukimya huo uandikwe kwenye skripti kama maneno mengine, la sivyo mwalimu ataujaza kwa kuongea na mtoto hatapata nafasi ya kufikiri. Jibu likitolewa ni fupi: vipande viwili havitoshi kuitwa nusu, lazima viwe sawa. Video nyingi huruka hatua hii, na mwanafunzi hubaki akiamini kwamba kuhesabu vipande kunatosha.

Sasa keki inaingia. Mkato wa kwanza unapita kwenye sentimita ya 12 ya urefu, na nusu mbili zinapatikana. Mkato wa pili na wa tatu hupita kwenye sentimita ya 6 na ya 18, keki ikawa robo nne. Mkato wa nne unapita katikati ya upana, kwenye sentimita ya 8, kutoka ncha hadi ncha, na vipande vinakuwa vinane. Baada ya kila mkato vipande vinasogezwa kidogo ili mwanya uonekane, kwani kwenye keki isiyopambwa mstari wa kisu haushikwi na kamera.

Kabla ya kila mkato mwalimu anauliza swali lilelile: "Nikikata tena, kipande chako kitakuwa kikubwa au kidogo?" Mtoto anayependa keki halikosei swali hili. Ndipo maandishi yanapojitokeza pembeni: 1/2, 1/4, 1/8. Namba ya chini, yaani asili, inasema keki nzima imegawanywa vipande vingapi vilivyo sawa. Ya juu, yaani kiasi, inasema vimechukuliwa vipande vingapi. Asili imekua kutoka 2 hadi 8, na kipande kimepungua mbele ya macho yake. Ni vizuri maneno hayo mawili yaje baada ya tendo. Yakitangulia, hukaririwa tu.

Dakika ya tatu ni ya kujumlisha. Mama anapewa robo ya keki, mtoto mdogo anapewa thumni, yaani 1/8. Jumla ni ngapi? Kosa lililozoeleka ni kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, likatoka 2/12. Mwalimu asilikatae kwa ukali, aonyeshe sinia. Vipande kumi na viwili viko wapi? Havipo, viko vinane. Tena 2/12 ni sawa na 1/6, kiasi kidogo kuliko robo aliyopewa mama peke yake. Jumla haiwezi kupungukiwa na kitu kilichojumlishwa ndani yake.

Robo ya mama, ikitazamwa vizuri, ni vipande viwili vya thumni vilivyo sambamba. Viwili vya mama na kimoja cha mtoto ni vitatu, kila kimoja 1/8 ya keki. Jibu ni 3/8, na zimebaki 5/8 kwenye sinia. Asili haikujumlishwa kwa sababu hakuna aliyeikata keki upya.

Theluthi haziwezekani tena kwenye keki hii. Mwalimu anayezitaka aandae keki ya pili au arudi kwenye manila, akikata kwenye sentimita ya 8 na ya 16. Asijaribu kuzisukuma ndani ya dakika nne hizo. Ni video nyingine.

Kuna jambo moja ambalo keki hulificha. Nusu ya keki kubwa hailingani na nusu ya keki ndogo, kwa hiyo sehemu hulinganishwa kwa haki pale tu kitu kizima kinapokuwa kimoja au vinapokuwa viwili vya ukubwa uleule. Sentensi moja mwishoni inatosha, keki ndogo ikiwekwa kando ya kubwa.

Kuhusu kamera, ielekezwe chini moja kwa moja. Ikipiga kutoka ubavuni, vipande vya karibu huonekana vikubwa kuliko vya nyuma, na somo zima la usawa huharibika. Ubao uliolazwa kati ya migongo ya viti viwili, simu ikitokeza ukingoni, hufanya kazi hiyo bila gharama.

Mwalimu anayetaka kurekodi afanye zoezi zima kwa manila kwanza, akisoma skripti kwa sauti huku saa ikihesabu. Kisha aandike swali la 1/4 na 1/8 ubaoni kabla ya kuonyesha video, alirudie wiki moja baadaye, na ahesabu majibu. Wakiwa bado wengi wanachagua 1/8, awarudishe kwenye mkato wa pili na wa tatu.