Sanamaki Hungoja Bakteria

Mtu aliyefunga choo akimeza vidonge vya sanamaki saa tatu usiku, hana haja ya kulala karibu na mlango wa choo. Dawa hii huchukua muda wa saa 6 hadi 12 kufanya kazi, na ndiyo maana hunywewa wakati wa kulala, ili haja ije asubuhi.

Inachelewa kwa sababu majani ya sanamaki hayana dawa iliyo tayari. Kilichomo ni senosidi, kemikali ambayo kila molekuli yake imebeba sukari mbili. Vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuzikata sukari hizo, na molekuli yenyewe ni kubwa mno kufyonzwa kwa urahisi. Kwa hiyo inapita tumboni, kisha kwenye utumbo mwembamba wote, karibu bila kuguswa.

Mambo hubadilika ikifika kwenye utumbo mpana. Humo mna bakteria wengi ajabu, na baadhi yao huzikata zile sukari, kisha molekuli iliyobaki hugawanywa vipande viwili. Kinachopatikana huitwa reini-antroni, na hicho ndicho kinachosukuma choo. Wanasayansi walithibitisha kazi ya bakteria kwa kutumia panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote: walipewa senosidi, wasiharishe. Walipowekewa bakteria wenye uwezo wa kukata zile sukari, dawa ileile iliwaharisha.

Reini-antroni hufanya mambo mawili. Huchochea misuli ya utumbo mpana isukume mbele badala ya kukorogakoroga tu, na huuzuia utumbo usinyonye maji mengi. Choo kinabaki laini, na njia yake inafupishwa. Msokoto wa tumbo ambao wengi huulalamikia unatokana na misuli hiyohiyo, hasa dozi ikizidi.

Na dozi huzidi kwa urahisi. Kidonge cha kiwandani huwa na kiasi kinachojulikana, kwa kawaida miligramu 7.5 au 8.6 za senosidi, lakini majani yanayochemshwa nyumbani hayapimiki hivyo: gao moja la leo linaweza kuwa kali kuliko la juzi. Anayekunywa dawa za antibayotiki naye anaweza kuona sanamaki imelegea, kwa kuwa bakteria wanaohitajika wamepungua. Kuongeza majani kwenye sufuria si suluhisho.

Mkojo ukigeuka rangi ya njano iliyokolea au wekundu kidogo, ni mabaki ya dawa yanayotoka. Kuharisha siku baada ya siku ni habari nyingine, maana mwili hupoteza maji na potasiamu, madini yanayoendesha misuli na mapigo ya moyo. Kwa hiyo anayejitibu mwenyewe asizidishe wiki moja bila kumwona daktari.

Ambaye tumbo limevimba, anatapika na hata upepo hautoki, asiguse sanamaki kabisa. Huenda utumbo wake umeziba, na kuusukuma kwa nguvu ni hatari. Apelekwe hospitali.