Msimamizi Asiyekuona: Siku za Kwanza za Kufanyia Kazi Nyumbani

Saa tatu na dakika tano asubuhi, msimamizi aliyeko Dar es Salaam anapokea ujumbe kutoka kwa mfanyakazi mpya aliyeko Tanga: "Shikamoo dada." Anaitikia marahaba, anasubiri kidogo, kisha anaingia mkutanoni. Anapotoka saa tano anakuta ujumbe wa pili: "Za kazi?" Anajibu nzuri. Saa sita na nusu ndipo haja yenyewe inapofika: nywila ya mfumo wa wateja inakataa, na kijana hajagusa kazi tangu asubuhi.

Hapo hakuna aliyekosa adabu. Ana kwa ana, salamu na haja hupita ndani ya dakika moja. Katika maandishi, kila upande unangoja mwenzake ajibu, na huyo mwenzake huenda yuko mkutanoni au njiani. Sishauri mtu aache salamu, kwa sababu kwetu ujumbe usio na salamu husomeka kama amri. Ninachoshauri ni salamu na haja ziende pamoja: "Shikamoo dada. Nywila ya mfumo wa wateja inakataa tangu saa mbili na nusu, na nimejaribu kuibadilisha mara mbili. Naomba kujua nani anaweza kunifungulia. Kwa sasa nasoma mwongozo wa mauzo." Msimamizi akiusoma ujumbe huo kati ya mikutano miwili, anaweza kumwagiza fundi wa mifumo papo hapo bila kuuliza swali lolote.

Mfanyakazi wa mbali huonekana kwa yale anayoandika na kusema tu. Akinyamaza, msimamizi hana njia ya kujua kama amezama kazini, amekwama, au hayupo. Ndiyo maana suala la muda wa kujibu huwasumbua sana wageni. Wengi hudhani wanatakiwa kujibu kila ujumbe dakika ile ile, na siku inakwisha wakiwa wameitikia watu wengi bila kukamilisha kazi yoyote. Kinachomsaidia msimamizi zaidi ni kujua kwamba ujumbe umefika, na jibu atalipata lini.

Hayo ni mambo mawili tofauti. Kuthibitisha kupokea kunachukua sekunde chache: "Nimeipata. Natakiwa kuangalia daftari la Machi kwanza, nitakujibu leo kabla ya saa tisa." Jibu lenyewe linaweza kuchukua muda, na hakuna atakayelalamika ilimradi saa tisa isipite kimya. Ikikaribia na jibu bado, andika tena useme limesogea hadi lini. "Nitakujibu baadaye" haimsaidii mtu, maana hajui arudi kuuliza lini.

Siku ya kwanza uliza timu yako ina desturi gani, kwa kuwa hutofautiana. Mpangilio ninaoukuta mara nyingi ni huu: simu ya kupigwa ni kwa dharura, ujumbe wa Slack au Teams hujibiwa ndani ya saa chache za kazi, na barua pepe ndani ya siku moja ya kazi. WhatsApp ndiyo inayoleta utata, kwa sababu ni ya ofisi na ya familia kwa pamoja, na alama mbili za buluu humfanya aliyetuma adhani amepuuzwa. Kama timu yenu inaitumia, ulizeni mapema ni mambo gani yapite humo. Ukihitaji saa mbili za utulivu, weka taarifa kwenye hali yako, kwa mfano "Niko kwenye hesabu hadi 11:00, kwa dharura piga simu", kisha zima arifa bila hofu.

Na usiku je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Nchini Kenya muswada wa haki kama hiyo ulipelekwa Seneti mwaka 2022. Msimamizi anayeandika saa nne usiku mara nyingi anatoa wazo kichwani asilisahau. Muulize waziwazi, wiki ya kwanza, kama anatarajia jibu saa hizo. Mgeni anayejibu usiku kila siku bila kuombwa anajenga mazoea ambayo baadaye ni vigumu kuyavunja.

Kwenye mikutano, shida ya kwanza ni saa yenyewe. Ukiandika "tukutane saa tatu", mwenzako wa Arusha atafika asubuhi ya 09:00, na mwenzako wa London anayejifunza Kiswahili atafungua kompyuta 15:00. Andika kwa tarakimu za saa 24 na utaje ni saa za wapi: 09:00 EAT. Kama mnafanya kazi na Uingereza, kumbuka kwamba saa zao husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati zetu hazibadiliki. Mkutano wa saa 10:00 za London ni 13:00 kwetu wakati wa baridi yao, na ni 12:00 wakati wa kiangazi chao. Kalenda ya kompyuta hujirekebisha yenyewe mkutano ukiwa umeandikwa humo. Aliyeukariri kichwani ndiye anayeukosa.

Ukishaingia, zima maikrofoni mpaka zamu yako. Jogoo, bodaboda na redio ya jirani husikika kwa wenzako kuliko unavyovisikia wewe. Sauti ya mtandaoni pia huchelewa kidogo, kwa hiyo mtu akinyamaza hesabu mbili kabla ya kuanza kusema, la sivyo mtasemeana juu. Katika mkutano wa watu wengi tumia kitufe cha kuinua mkono, au andika kwenye gumzo "naomba nafasi". Mtandao ukiwa dhaifu, sema mwanzoni kabisa kwamba utazima kamera ili sauti isikatike. Picha hula bando kuliko sauti kwa mbali sana, na mtu anayejulikana kwa nini hana picha hafikiriwi vibaya. Kamera ikiwa imezimwa, taja jina lako unapoanza kuzungumza.

Umeme ukikatika katikati ya mkutano, ingia kwa simu kwa sauti tu. Hilo nalo likishindikana, tuma ujumbe mfupi kwa mwenyekiti, kisha omba maamuzi kwa maandishi. Hapo pana nafasi nzuri ya mgeni kuwa wa manufaa: mwisho wa mkutano, jitolee kuandika kilichoamuliwa, nani atafanya, na lini, katika mistari mitatu au minne. Maelewano potofu mengi niliyoyaona kwenye kazi za mbali yalianza pale ambapo watu wanne walitoka kwenye mkutano mmoja na kumbukumbu nne.

Sasa nije kwenye taarifa ya maendeleo, ambayo naamini ndiyo inayomjenga au kumvunja mfanyakazi mpya. Nitatumia mfano wa kubuni. Yule kijana wa Tanga amepewa kazi Jumatatu: kuhamisha kumbukumbu za wateja 600 kutoka madaftari yaliyopigwa picha kwenda kwenye jedwali la kompyuta, kazi iwe tayari Ijumaa jioni. Kwa siku ana saa 6 za kuifanya. Jumatatu, kwa sababu ya nywila, amepata saa 5 na ameingiza wateja 100. Lakini wateja 15 kati ya hao hawana namba za simu daftarini, na kuzitafuta kwenye risiti za zamani kumemla saa nzima.

Jioni msimamizi anauliza, "Vipi, inaendeleaje?" Jibu la mazoea ni "Naendelea vizuri dada", au "Nipo kama asilimia 15 hivi". Majibu yote mawili ni ya kweli, na hayamwezeshi kuamua kitu. Siku zinakwenda, na Ijumaa mchana ndipo inapojulikana kazi haitaisha.

Angekaa na kalamu dakika tano angeona haya. Amefanya 100 kwa saa 5, yaani 20 kwa saa. Zilizobaki 500 zinahitaji saa 25, naye kuanzia Jumanne hadi Ijumaa ana saa 24. Atachelewa, tena bila kuhakiki chochote. Lakini akiondoa ile saa ya kutafuta namba, kasi yake ni 25 kwa saa. Zilizobaki zingekwisha kwa saa 20, na saa 4 zingebaki za uhakiki. Taarifa yake basi ingekuwa hivi:

"Shikamoo dada. Taarifa ya Jumatatu, wateja 600. Wameingia 100. Wateja 15 hawana namba za simu, na kuzitafuta kumechukua saa nzima. Nikiendelea kuzitafuta mwenyewe sitamaliza Ijumaa. Napendekeza niache nafasi za namba wazi, niziwekee rangi ya njano, na kila jioni nilitumie tawi orodha ya wanaokosekana. Hivyo nitamaliza kuingiza Ijumaa asubuhi na kuhakiki mchana. Naomba uamuzi wako kabla ya 09:00 kesho. Usipopata nafasi, nitaanza kwa njia hiyo, kwa sababu namba zinaweza kujazwa baadaye."

Hapa msimamizi anaweza kujibu "Sawa, endelea" akiwa kwenye foleni ya Mwenge. Anaweza pia kukataa, labda kwa kuwa anajua namba za simu ndizo mteja anazihitaji kwanza, na hilo kijana asingelijua. Kwa vyovyote, uamuzi umefanyika Jumatatu, zikiwa bado zimebaki siku nne.

Sentensi ya mwisho ya taarifa ile ina mpaka wake. Kusema "usipojibu nitaanza" kunafaa kwa jambo linaloweza kurekebishwa. Kama hatua yenyewe ni kufuta kumbukumbu, kulipa fedha au kumwandikia mteja, subiri jibu, na lisipokuja piga simu.

Ukikwama katikati ya siku, usingoje jioni. Jipe muda unaojulikana, nusu saa hadi saa moja kwa kazi za kawaida, kisha uliza ukieleza unachotaka kufanya, ulichojaribu na ulichokiona kwenye skrini, pamoja na picha ya skrini hiyo. Ukiwa umeharibu kitu, kwa mfano umefuta safu ya jedwali, sema hapo hapo kabla hujajaribu kurekebisha peke yako. Majedwali ya mtandaoni kama Google Sheets huhifadhi historia ya matoleo, na kurudi nyuma ni rahisi kabla wengine hawajaongeza kazi juu ya kosa.

Taarifa zote za kazi moja ziandike katika uzi mmoja, kwenye chaneli ya timu, isipokuwa mambo ya siri. Wa Ijumaa ufunge hesabu: wameingia 600, nimelinganisha 60 na daftari, nimekuta makosa 4 na kuyasahihisha, namba 31 bado zinasubiriwa kutoka tawini, na picha za daftari la Machi kurasa mbili hazisomeki, zinahitaji kupigwa upya.