Meneja Anapomdhalilisha Mlinzi, Mfagizi au Dereva: Nini Wajibu wa Aliyeshuhudia?

 

Wengi wanaouliza kuhusu jambo hili si wale wanaotukanwa. Ni wenzao wa ofisini, wageni wa hoteli au wateja. Wanaona meneja akimfokea mfagizi au dereva, nyoyo zao zinauma, lakini hawajui waseme nini. Wengine wanachelea kwamba wakisema watamharibia yule yule wanayetaka kumsaidia, na hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo tulitazame jambo kwa upande wa aliyeshuhudia, na tulifuatilie kwa mfano mmoja.

Mfano wenyewe ni huu. Getini kwa hoteli yupo mlinzi mtu mzima, ameajiriwa na kampuni ya ulinzi. Ameagizwa akague buti la kila gari linaloingia. Anafika meneja, kijana wa umri wa mwanawe, na mlinzi anamuomba afungue buti. Meneja anapandisha sauti mbele ya wageni: “Mbwa wewe! Hunijui mimi nani?” Mhasibu wa hoteli amesimama hatua chache tu, na amesikia kila neno.

Kwanza tutenganishe kukosoa na kudhalilisha. Meneja ana haki ya kukosoa. Akimkuta mlinzi amelala lindoni anaweza kumuonya, tena kwa ukali wa kiasi chake. Mpaka unajulikana kwa mambo mawili. Maneno yake yanahusu kazi, au yanamhusu mtu, wazazi wake, kabila lake na umasikini wake? Na je, angemwambia hivyo hivyo mhasibu au mkuu wa jikoni kwa kosa kama hilo? Kama asingethubutu, basi aliyemfokea si kosa bali cheo kidogo cha yule mtu. Katika mfano wetu hata kosa halikuwepo, kwani mlinzi alikuwa anatii amri.

Jambo hili lilitokea hata zama za Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam). Al-Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Abu Dharr (Radhwiya Allaahu ‘anhu), ambaye alimtusi mtu kwa kumtaja mama yake. Yule mtu akamshitakia Mtume. Mtume hakumwambia aliyeshitaki kwamba anafitinisha wala hakumtaka anyamaze. Alimkabili Abu Dharr na kumwambia kuwa bado ana mabaki ya ujahilia. Kisha akamfundisha kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu: tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha tuwasaidie. Miaka mingi baadaye watu walimkuta Abu Dharr mahali paitwapo Rabadha, amevaa nguo na mtumishi wake amevaa nguo kama hiyo. Walipomuuliza sababu, ndipo alipowahadithia kisa hiki.

Tuje sasa kwa aliyeshuhudia. Hadithi ya Abu Sa‘id Al-Khudri iliyopokewa na Muslim inajulikana: mwenye kuona munkari aubadilishe kwa mkono, asipoweza kwa ulimi, asipoweza kwa moyo. Baadhi ya watu husikia neno “mkono” wakadhani ni ugomvi. Wanavyuoni wameeleza kuwa mkono ni wa mwenye mamlaka juu ya jambo lile, na hapa ni mwenye hoteli au mkubwa wa meneja. Mhasibu kwa kawaida yuko kwenye daraja la ulimi.

Lakini ulimi nao una hesabu zake. Imamu Ibn Al-Qayyim katika I‘laam Al-Muwaqqi‘in ameeleza kuwa kukataza munkari kuna matokeo manne. Munkari unaweza kuondoka na kheri ikashika nafasi yake. Unaweza kupungua bila ya kumalizika. Unaweza kufuatwa na mwingine ulio sawa nao. Au unaweza kufuatwa na mwingine mbaya zaidi. Mawili ya mwanzo yamewekwa na sheria, la tatu ni la kupimwa kwa ijtihadi, na la nne ni haramu.

Daraja hili la nne ndilo linalowapata walinzi na wafagizi wengi, na sababu yake ni jinsi walivyoajiriwa. Mlinzi wetu si mwajiriwa wa hoteli. Hoteli ina mkataba na kampuni, na kampuni ndiyo inayomlipa. Meneja hahitaji kumfukuza. Anapiga simu moja tu, “Nibadilishieni mtu huyu,” na kampuni haitaki kumpoteza mteja. Mfagizi aliyeletwa na kampuni ya usafi yuko hivyo hivyo. Dereva wa ofisi naye mara nyingi anamtegemea meneja huyo huyo amtilie saini posho ya safari na saa za ziada. Kwa hiyo anyamazapo aliyetukanwa, usidhani ameridhika. Na ukimkemea meneja hadharani, utaondoka na ushujaa wako, na gharama ailipe mwenzako.

Basi mhasibu afanye nini? Kwa wakati ule ule akusudie kuukata munkari, asikusudie kumshinda meneja. Asogee, asimame karibu na mlinzi, atoe salamu, kisha aseme neno la kazi: “Bwana Meneja, kuna mgeni anakusubiri mapokezi,” ikiwa ni kweli yupo, au “Mzee huyu ameagizwa akague kila gari, hata langu amelikagua.” Neno hili la pili lina nguvu kwa kuwa ni ushahidi wala si matusi, na linampa meneja njia ya kutoka.

Ikiwa meneja amenyanyua mkono, hukumu inabadilika. Abu Mas‘ud Al-Badri (Radhwiya Allaahu ‘anhu) alikuwa akimpiga mtumwa wake, akasikia sauti nyuma yake ikimwita kwa jina. Alikuwa ni Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), akimkumbusha kuwa Allaah ana uwezo zaidi juu yake kuliko uwezo alionao yeye juu ya yule mtumwa. Abu Mas‘ud akamwacha huru. Kisa hiki amekipokea Muslim. Mtume hakungoja faragha wala kesho. Kipigo huzuiwa pale pale, kwa kuita jina, kwa kuingia kati na kwa kuita watu.

Baada ya hapo mhasibu amwendee mlinzi kabla ya kumwendea mtu mwingine yeyote. “Shikamoo mzee. Nimesikia yote, na wewe huna kosa. Ungependa nifanye nini?” Suali hili ndilo linaloepusha daraja la nne, kwa sababu haki iliyovunjwa ni ya mlinzi na yeye ndiye anayejua hatari iliyopo. Huenda akajibu: “Mwanangu, ukilipeleka juu, kesho naondoshwa. Lakini nimeumia.” Basi jambo lisipelekwe juu bila ya ridhaa yake. Na asiambiwe “subiri tu, mzee” kana kwamba shauri limekwisha.

Siku ile ile mhasibu aandike alichoshuhudia: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na nani wengine walikuwepo. Aandike alichokisikia kwa masikio yake tu, si alichohadithiwa wala anachodhani kimo moyoni mwa meneja. Karatasi hii aihifadhi. Huenda isihitajike kamwe, lakini mlinzi akiondoshwa baada ya wiki tatu kwa kisingizio cha “utovu wa nidhamu”, itakuwa ndiyo ushahidi wake.

Kisha, mlinzi akiridhia, inakuja nasaha ya faragha kwa meneja, hasira zikishatulia, siku hiyo au ya pili yake. Iwe fupi, ya tukio moja, na isiwe na jumla kama “wewe kila siku mkorofi.” Mathalan: “Bwana, jana getini ulimwita yule mzee mbwa mbele ya wageni. Alikuwa anatekeleza amri ya hoteli. Naona umtake radhi, na iwe pale pale getini, mbele ya wenzake.” Hili la mahali ni muhimu. Aliyevunjiwa heshima hadharani akaombwa radhi chumbani, wenzake wanabaki na tusi bila ya kusikia radhi.

Katika wiki zinazofuata mhasibu atazame dalili. Je, mlinzi amehamishiwa zamu za usiku ghafla? Amepelekwa lindo jengine? Jina lake limetoka kwenye orodha ya zamu? Hizo ni alama za kisasi. Yakitokea, au matusi yakirudiwa, ni wakati wa kulipeleka jambo kwa mwenye mkono: afisa utumishi wa hoteli au mwenye hoteli, na msimamizi wa kampuni ya ulinzi, kwa sababu kampuni ndiyo mwajiri na mlinzi anaidai ulinzi wake. Kwa Zanzibar, ajira zinasimamiwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na mfanyakazi anaweza kufika Kamisheni ya Kazi. Kwa Tanzania Bara anafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri, na migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kungoja, kwa hiyo mkumbushe mwenzako tarehe.

Je, kumshitaki meneja si ghiba? Hapana. Imamu An-Nawawi katika Riyaadh Asw-Swaalihiin ametaja kushitaki dhulma na kutaka msaada wa kuondoa munkari miongoni mwa sababu zinazohalalisha kumtaja mtu kwa asilolipenda. Lakini ruhusa hii inamhusu yule mwenye uwezo wa kuondoa dhulma. Kurekodi tukio na kulisambaza kwenye makundi ya simu ni jambo jengine. Hapo wanaangalia maelfu wasioweza kusaidia, na mlinzi anadhalilishwa upya kila inapotazamwa, hata na watoto wake.

Inabaki daraja la moyo, kwa yule ambaye akisema neno atapoteza riziki yake au atapata madhara. Huyu ana udhuru. Hata hivyo, kuchukia kwa moyo kuna alama zake za nje. Haiwezekani mtu akawa anachukia ilhali anacheka meneja anapomfanyia dereva kejeli, au anakaa mezani kusikiliza hadithi ya jinsi “alivyomnyoosha” mfagizi. Asiyeweza kusema anaweza kutocheka, anaweza kuinuka akaondoka, na anaweza kumpitia mlinzi getini akamsalimu kwa jina lake.

Wa Allaahu A‘lam.