Notisi ya kodi ikifika dukani, siku zimeanza kuhesabika

Wafanyabiashara wengi sokoni hudhani kwamba notisi ya mwenye nyumba huanza kufanya kazi siku wanapoisoma. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Kwa mujibu wa Sura ya 301, sheria inayosimamia upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, notisi ikikabidhiwa mfanyakazi wa dukani, au mtu mzima wa familia yako, umeshaipata. Kijana wako akiisukuma chini ya mizani na kuisahau, siku zinakwenda tu.

Hilo ndilo nililoanza nalo nilipoalikwa kuzungumza na chama kimoja cha wafanyabiashara jijini Mombasa. Wengi wao wamepanga vyumba vya watu binafsi pembeni mwa soko, tena bila mkataba wa maandishi. Upangaji wa namna hiyo unalindwa na Sura ya 301, sawa na ule wa mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano. Wenye vibanda vya serikali ya kaunti hawamo, kwa kuwa sheria hii haihusu upangaji ambao serikali ni mhusika.

Tuchukue mfano. Mama anayeuza leso analipa kodi ya Sh15,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaandika notisi tarehe 26 Februari, akitaka Sh22,000 kuanzia tarehe 1 Mei. Karatasi inafika dukani tarehe 4 Machi, mikononi mwa kijana wa duka.

Hapo pana tarehe mbili za kuchunga. Ya kwanza ni ya kumjibu mwenye nyumba kwa maandishi, iwapo unakubali au unakataa, ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea. Kwa mama huyu mwisho ni mwanzoni mwa Aprili. Ya pili ni ya kupeleka shauri katika Jopo la Kodi za Nyumba za Biashara, kabla ya siku ambayo notisi inaanza kutumika, yaani kabla ya 1 Mei. Akifanya yote mawili, notisi inasimama hadi jopo litoe uamuzi. Akikosa moja, kodi mpya inaweza kumbana, hata kama haina haki. Jopo lina uwezo wa kumkubalia aliyechelewa akiwa na sababu ya kutosha, lakini hapo anaomba hisani, hadai haki.

Sasa tazama faida ya kuandika tarehe ya kupokea. Sheria inataka notisi isianze kutumika kabla ya miezi miwili kupita tangu ipokelewe. Kutoka 4 Machi hadi 1 Mei miezi miwili haijatimia. Notisi ina kasoro, na mama ana hoja ya kwenda nayo mbele ya jopo. Bila kumbukumbu ya 4 Machi, karatasi yenyewe inaonyesha 26 Februari tu, na hoja hiyo inakuwa ngumu kuithibitisha.

Kwa hiyo daftari la notisi halihitaji mambo mengi. Andika notisi imetoka kwa nani, inataka nini, imeandikwa lini, imepokelewa lini na nani, mwisho wa kujibu na mwisho wa kwenda kwenye jopo. Aliyepokea aandike jina lake na tarehe nyuma ya karatasi papo hapo, kisha aipige picha. Ikija kwa posta, tunza bahasha na stakabadhi.

Mzee mmoja aliuliza, "Mwanangu, je, nikikataa kuipokea?" Haisaidii, mzee wangu. Mwenye nyumba anaweza kumkabidhi mfanyakazi wako au mtu mzima wa familia yako, na itahesabiwa kuwa imefika.

Jibu lenyewe ni fupi: "Nimepokea notisi yako tarehe 4 Machi. Sikubali nyongeza ya kodi unayotaka." Tia tarehe na sahihi, toa nakala mbili, na mwenye nyumba asaini ile unayobaki nayo. Akikataa kusaini, itume kwa rejista.

Kinachowaponza wengi ni maneno ya "tutaongea". Mwenye nyumba anapiga simu, mnataniana, mwezi unakwisha. Zungumzeni, hapana ubaya, lakini barua iwe imeshatangulia. Na ujumbe wa simu wa "kodi imepanda" si notisi ya kisheria, kwani notisi hiyo ina fomu yake na lazima itaje sababu. Hata hivyo uandike daftarini, na uendelee kulipa kodi ya zamani kwa njia inayoacha ushahidi. Ukikaa miezi miwili bila kulipa, unampa mwenye nyumba sababu halali ya kutaka utoke.

Wiki hii, kabla ya jambo lolote, mwambie kijana wa duka lako kwamba karatasi yoyote ikifika ataandika tarehe kwanza, ndipo amhudumie mteja.