Chupa Moja, pH Mbili: Bafa ya Trisi Inapoingia Kwenye Baridi

Mtaalamu wa maabara anayetaka kusafisha protini huanza kwa kuandaa bafa, yaani mchanganyiko wa asidi na besi unaozuia pH isipande wala kushuka ovyo. Mara nyingi huchagua trisi. Hupima gramu 6.06 za unga wake mweupe, huziyeyusha majini, hudondoshea asidi hidrokloriki mpaka mashine isome pH 7.5, kisha huongeza maji hadi ifike lita 1. Chumba alimo kina nyuzi joto 25 za Selsiasi. Kazi yenyewe, hata hivyo, hufanyika kwenye chumba baridi chenye nyuzi 4, kwa kuwa protini huharibika upesi penye joto. Akiipima bafa ileile humo ndani, atakuta pH imefika karibu 8.1, ingawa hakuna aliyeongeza wala kupunguza kitu.

Chanzo ni pKa, yaani ile pH ambayo nusu ya molekuli za trisi zimebeba protoni na nusu nyingine hazina. Molekuli ya trisi hunyonya joto inapoachia protoni yake. Kwa hiyo joto likizidi, kuachia kunakuwa rahisi na pKa hushuka. Baridi ikiingia, molekuli hung'ang'ania protoni na pKa hupanda. Badiliko hilo ni takriban 0.028 kwa kila nyuzi moja.

Tufanye hesabu. Kwenye nyuzi 25, pKa ya trisi ni karibu 8.06. Bafa yetu ya pH 7.5 iko chini yake kwa 0.56, maana yake kati ya molekuli 100, kama 78 zimebeba protoni. Idadi hiyo iliamuliwa na kiasi cha asidi tulichotia, na baridi haiwezi kuibadilisha kwa kiasi cha kuonekana. Tukishuka nyuzi 21, pKa hupanda kwa 0.59 na kufika 8.65. Kwa kuwa uwiano wa molekuli ni uleule, pH nayo lazima ibaki chini ya pKa kwa 0.56 ileile: 8.09.

Tofauti ya 0.6 ina maana kwamba ayoni za hidrojeni zimebaki robo tu ya zilizokuwepo. Sasa fikiria protini ambayo chaji zake hulingana kwenye pH 7.8. Katika pH 7.5 ina chaji chanya, hivyo hupita bila kunaswa kwenye mrija uliojazwa chembe zenye chaji chanya. Katika pH 8.1 ina chaji hasi, na inaweza kunasa humo. Anayesubiri protini itoke chini ya mrija ataikosa, na huenda akailaumu protini badala ya bafa.

Wengi hudhani mashine yenye kipimajoto imeshalitatua tatizo hili. Kipimajoto hicho husahihisha mwitikio wa elektrodi tu. Hakikuambii pH itakuwa ngapi ukibadilisha chumba. Pia asidi kali ikiingia kwenye trisi huzalisha joto. Ukirekebisha pH chupa ikiwa bado na nyuzi 35, ikipoa hadi 25 itakuwa imepanda kwa karibu 0.3. Isubiri ipoe, ndipo umalizie.

Bafa ya fosfeti haisumbuliwi sana na joto: pKa yake hubadilika kwa karibu 0.003 tu kwa kila nyuzi. Udhaifu wake uko kwenye chumvi. Fosfeti ikiachia protoni hubaki na chaji hasi mbili badala ya moja, na ayoni chanya za chumvi huizunguka na kuituliza katika hali hiyo. Ndiyo maana pKa yake, ambayo ni 7.2 kwenye maji yenye chumvi kidogo mno, hushuka hadi karibu 6.8 chumvi inapoongezeka. Bafa ya fosfeti iliyokolezwa mara 10 inaweza kusoma 6.8 na bado ikawa sahihi, kwa sababu ikizimuliwa hupanda kuelekea 7.4. Anayeirekebisha ifike 7.4 ikiwa bado imekolea, baada ya kuizimua atakuwa ameipita shabaha. Trisi huenda upande wa pili, kwa kuwa chaji iko kwenye umbo lake lenye protoni: ukiizimua mara 10, pH hushuka kwa takriban 0.1.

Kanuni ni moja: rekebisha pH katika joto na ukolezi utakaotumia, kwa mashine iliyosanifiwa kwenye joto hilohilo. Lakini kama unafuata maelekezo yaliyojaribiwa, usisahihishe usichoombwa. Bafa za kunakilisha DNA kwa kawaida huandikwa pH 8.3 kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 72, kimeng'enya kinapofanya kazi, pH huwa imeshuka karibu na 7, na maelekezo yale yalipatikana katika hali hiyohiyo. Kwa hiyo lebo ya chupa iandikwe pH pamoja na joto ilipopimwa, kwa mfano “pH 7.5, nyuzi 4”.